Baba aliacha wosia, baba mdogo anadai kiwanja chote: nani mwenye haki?

Swali: Baba yetu na mdogo wake walinunua kiwanja pamoja, na hati ina majina yao wawili. Baba amefariki, na katika wosia wake ametuachia sisi watoto "nusu yangu ya kiwanja". Baba mdogo anasema hakuna nusu, kiwanja chote sasa ni chake kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki hai. Wosia ungalipo, umeandikwa vizuri na una mashahidi. Je, anachosema kina msingi wowote wa kisheria?

Jibu: Poleni sana kwa msiba. Anachosema baba yenu mdogo kina msingi, ingawa hilo halina maana kwamba ana haki. Yote yanategemea aina ya umiliki waliokuwa nao wale ndugu wawili mpaka siku baba yenu alipofumba macho, na wosia, hata uwe umeandikwa vizuri kiasi gani, hauwezi peke yake kuibadilisha aina hiyo.

Chanzo cha mvutano wa namna hii mara nyingi ni lugha yenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "umiliki wa pamoja" kila ardhi inapokuwa na majina mawili au zaidi, kumbe sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza, ambayo nchi nyingi bado zinaitumia kwa sura moja au nyingine, inatambua aina mbili za umiliki chini ya jina hilo moja. Ya kwanza nitaiita umiliki usio na hisa, na ya pili umiliki wa hisa. Wamiliki wakiwa hai, tofauti yake haionekani kabisa: katika aina zote mbili kila mmoja anaweza kuingia na kutumia ardhi yote, na hakuna awezaye kumzuia mwenzake asikanyage upande fulani. Tofauti hujitokeza siku mmoja wao anapofariki, na hapo aliyeielewa vibaya hayupo tena kuirekebisha.

Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, ambalo linaweza kuwa nusu kwa nusu, au robo kwa robo tatu, au kiasi kingine chochote walichokubaliana. Fungu hilo si kipande cha ardhi chenye mipaka, bali ni kiwango cha haki juu ya ardhi yote. Hata hivyo ni mali yake kamili: anaweza kuliuza, kuliweka rehani au kulitaja katika wosia, na akifariki linaingia kwenye mirathi yake pamoja na mali zake nyingine. Kama baba yenu alikuwa mmiliki wa aina hii, ile "nusu yangu" aliyoiandika ilikuwepo, na ni yenu.

Katika umiliki usio na hisa mambo ni mengine kabisa. Fikirini watu wawili waliojifunika shuka moja. Hakuna mwenye nusu ya shuka, kwa maana kila mmoja amefunikwa na shuka lote pamoja na mwenzake. Mmoja akiondoka, yule aliyebaki hajarithi chochote wala hajapewa nusu ya mwenzake. Tangu mwanzo alikuwa chini ya shuka lote, na sasa yuko peke yake. Hiyo ndiyo haki ya aliyesalia. Kisheria, haki ya marehemu haihami kwenda kwa mwenzake, bali hufutika pale pale anapokata roho, na aliyebaki anaendelea kumiliki kile alichokuwa akikimiliki siku zote. Wosia huanza kufanya kazi mwenye wosia anapofariki, lakini kwa wakati huo huo hakuna tena kitu cha kugawa. Wanasheria wa zamani wa Uingereza waliliweka jambo hili kwa kanuni fupi kwamba haki ya aliyesalia huutangulia wosia. Kanuni hiyo hukata pande zote mbili: lau baba yenu mdogo ndiye angetangulia, baba yenu angebaki na kiwanja chote na watoto wa mdogo wake ndio wangekuwa wakiniandikia.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kusoma maneno. Msitegemee nakala iliyofifia iliyokuwa sandukuni, bali ombeni upekuzi rasmi katika daftari la ardhi, na pamoja na matokeo yake tafuteni hati ya uhamisho ambayo wale ndugu wawili waliitia sahihi walipopokea kiwanja kutoka kwa muuzaji. Tazameni sehemu inayotaja wanunuzi. Mkikuta maneno kama "kwa hisa sawa", "nusu kwa nusu", "kila mmoja na fungu lake", au kiwango chochote kilichoandikwa mbele ya jina, huo ni umiliki wa hisa, kwa sababu mtu hawezi kutajiwa fungu katika kitu kisicho na mafungu. Mkikuta imeelezwa wazi kwamba wanamiliki kwa pamoja bila hisa, au kwamba atakayebaki hai atachukua chote, basi baba yenu mdogo ameanza na mguu mzuri.

Kazi inakuwa ngumu hati inapotaja majina mawili tu bila neno lolote zaidi. Hapo inabidi muijue sheria ya nchi ambamo ardhi ipo, kwa sababu nchi hazifanani. Sheria ya kale ya Uingereza ilichukulia ukimya kuwa ni umiliki usio na hisa, ilimradi wamiliki walipata haki zao kwa wakati mmoja, kwa hati moja, kwa kiwango kimoja, na wote wana haki ya kutumia ardhi yote. Likikosekana moja kati ya hayo matatu ya mwanzo, umiliki huo hauwezi kuwa usio na hisa; sharti la nne, la kutumia ardhi yote, aina zote mbili hulitaka. Ndiyo maana tarehe kwenye hati ni za kutazamwa kwa makini: mmoja akiingia mwaka huu na mwingine akaongezwa baadaye kwa hati tofauti, kuna sababu nzuri ya kusema walikuwa na hisa. Sheria nyingi za siku hizi zimegeuza dhana hiyo na huchukulia ukimya kuwa ni umiliki wa hisa. Nyingine zimekwenda mbali zaidi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kwa mfano, inasema kwamba tangu ilipoanza kutumika, umiliki mpya usio na hisa unaweza kuanzishwa kati ya mume na mke tu, mpaka mahakama itoe ruhusa, na wengine wote wakijaribu kuuanzisha utahesabiwa kuwa wa hisa. Ndugu wawili walionunua chini ya sheria ya namna hiyo hawawezi kuambiana habari za aliyesalia, hata hati iandikwe vipi. Ulizeni basi mambo mawili kwa pamoja: ardhi iko chini ya sheria ipi, na iliandikishwa kwa majina yao mwaka gani.

Hata pale hati inapowaelemea, msiikunje bado. Mahakama zinazofuata kanuni za haki na usawa zimekuwa tangu zamani zikiitilia shaka haki ya aliyesalia katika mazingira ambamo ni vigumu kuamini kwamba watu walitaka kucheza bahati nasibu ya nani atakufa kwanza. Mazingira yanayojulikana zaidi ni mawili: wanunuzi waliotoa fedha kwa viwango tofauti, na watu walionunua ardhi kwa ajili ya biashara waliyokuwa wakiiendesha kwa ubia. Hapo mahakama inaweza kusema kwamba majina yako kwenye daftari bila hisa, lakini manufaa ya ardhi yanashikiliwa kwa mafungu, na aliyebaki anashika fungu la marehemu kama mdhamini wa warithi wake. Tafuteni stakabadhi za malipo, taarifa za benki za wakati wa ununuzi, na mkataba wa mauziano. Niseme pia kikomo cha hoja hii: ina nguvu pale hati inapokaa kimya juu ya manufaa. Kama wale wawili walitamka wazi katika maandishi yaliyotiwa sahihi kwamba hawana hisa, tofauti ya michango kwa kawaida haitoshi kuyapindua maneno yao.

Liko swali la tatu, na kwa uzoefu wangu hili ndilo familia nyingi hulisahau: je, umiliki uliokuwa hauna hisa ulitenganishwa kabla ya kifo? Umiliki usio na hisa si ndoa ya milele. Ukitenganishwa wakati wote wangali hai, hugeuka kuwa wa hisa tangu siku hiyo, na haki ya aliyesalia inakufa. Hukumu ya Uingereza ya mwaka 1861 katika kesi ya Williams na Hensman ilitaja njia tatu ambazo hadi leo ndizo zinazorejewa. Ya kwanza ni kitendo cha mmoja juu ya haki yake mwenyewe, kama kuiuza kwa mtu wa nje. Ya pili ni makubaliano kati yao kwamba kila mmoja awe na fungu lake. Ya tatu ni mwenendo wao, yaani namna walivyoshughulika na ardhi ile, ukionyesha kwamba wote walikuwa wakijihesabu kuwa na mafungu. Hukumu hiyo hiyo ilionya kwamba nia iliyotamkwa kisogoni mwa mwenzako haitoshi, na ndiyo sababu wosia ulioandikwa kwa siri hautenganishi kitu. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1925, Uingereza iliongeza njia nyepesi zaidi, ambayo ni taarifa ya maandishi kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwenzake, isiyohitaji ridhaa ya anayeipokea. Si nchi zote zilizoifuata njia hiyo, na baadhi hutaka wamiliki wote watie sahihi hati maalumu na ipelekwe kwa msajili.

Ili muone utenganisho unavyofanya kazi, chukueni mfano wa ndugu watatu walionunua shamba bila hisa, kila mmoja akatoa fedha sawa na wenzake. Yule mdogo akapata shida, akauza haki yake kwa jirani. Kwa uuzaji ule alijitenganisha yeye tu. Jirani akawa na theluthi moja kama hisa, na wale wawili waliobaki wakawa na theluthi mbili ambazo kati yao wenyewe bado hazina hisa. Hapo shamba moja lina aina zote mbili za umiliki kwa wakati mmoja. Kisha dada mkubwa akafariki, akaacha wosia unaowapa watoto wake "theluthi yangu". Watoto hawakupata kitu: ndugu wa kati alibaki na theluthi mbili zote. Mwaka uliofuata jirani naye akafariki, na theluthi yake ikaenda kwa warithi wake bila ubishi, kwa kuwa yeye alikuwa na hisa. Hatimaye ndugu wa kati akafariki, na theluthi mbili zikaingia katika mirathi yake, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kusalia. Mwisho wa yote, mtu wa nje aliyeingia kwa kununua aliwaachia watoto wake ardhi, na dada aliyelipa theluthi ya bei hakuwaachia wake hata hatua moja. Hakuna aliyefanya hila. Dada huyo hakuambiwa tu kwamba barua moja au hati moja ya utenganisho, akiwa hai, ingewaokoa watoto wake.

Naongeza kisa kimoja cha kweli, kilichoamuliwa na mahakama ya Uingereza mwaka 1998, kwa sababu kinaonyesha jinsi wakati unavyopimwa kwa ukali. Mke aliyekuwa mgonjwa sana, na ndoa yake ikiwa inavunjika, aliwaagiza mawakili wake wampelekee mumewe kwa posta taarifa ya kutenganisha umiliki wa nyumba yao. Barua ilifika mlangoni nyumbani kwao, lakini kabla mume hajaiona alipatwa na mshtuko wa moyo. Mke akatambua kwamba sasa huenda yeye ndiye atakayebaki, na kwamba barua ile itamharibia, akaiokota na kuiharibu. Mume akafariki muda mfupi baadaye, na mke naye akafuata miezi michache mbele. Mahakama iliamua kwamba taarifa ilikuwa imefika kisheria pale barua ilipofikishwa kwenye makazi ya mume. Kuiharibu hakukurudisha kitu nyuma, na nyumba ikahesabiwa kuwa ya hisa. Barua ambayo mlengwa hakuwahi kuisoma ilifanya kile ambacho wosia usingeweza kukifanya.

Kwa hiyo pekueni karatasi za baba yenu mkiwa na kisa hicho akilini. Mnatafuta barua, ujumbe wa simu, mihtasari ya vikao vya familia, rasimu ya mgawanyo, ramani ya mpimaji iliyokatwa vipande viwili, au hesabu ya kodi ya pango iliyogawanywa kwa kiwango fulani mwaka hadi mwaka. Karatasi moja ya hesabu ya kodi haithibitishi jambo, kwa kuwa watu wanaweza kugawana mapato bila kugawana ardhi. Lakini ujumbe ambao baba aliandika "tugawane, kila mtu awe na nusu yake" na mdogo wake akajibu "sawa kaka, tufanye hivyo" ni ushahidi wa makubaliano, hata kama hawakufika kwa msajili, ingawa kwenye nchi zinazotaka usajili uzito wake utategemea sheria yenyewe. Hapa wosia nao unaweza kupata faida ya pembeni: ikiwa ndugu hao wawili walikaa pamoja wakakubaliana kila mmoja aandike wosia juu ya nusu yake, wosia hizo mbili zinaonyesha kwamba utenganisho ulikwisha kufanyika kwa makubaliano yaliyotangulia. Linalotenganisha ni makubaliano, na wosia ni kielelezo tu.

Fanyeni haraka katika jambo moja. Katika umiliki usio na hisa, aliyesalia hahitaji kusubiri mirathi. Mara nyingi hupeleka kwa msajili cheti cha kifo pamoja na fomu ya maombi, na jina la marehemu linafutwa. Baada ya hapo daftari linamwonyesha kuwa mmiliki pekee, naye anaweza kumuuzia mtu mwenye nia njema ambaye sheria itamlinda. Ikiwa upekuzi au karatasi zinawapa hoja ya kweli, mwombeni wakili aweke zuio katika daftari kabla ya jina kufutwa, au kabla ya uuzaji ikiwa limekwisha kufutwa. Kufutwa kwa jina peke yake hakuui hoja yenu ya hisa au ya utenganisho, lakini ardhi ikishafika mikononi mwa mnunuzi wa nje mnaweza kubakiwa na madai ya fedha tu dhidi ya baba yenu mdogo.

Madeni nayo yanafuata aina ya umiliki. Ardhi ikimwangukia aliyesalia, haimo katika mirathi, na kwa kawaida wadai wa marehemu hawawezi kuifuata, isipokuwa rehani ambayo wote wawili waliitia sahihi, ambayo inaendelea kumbana aliyebaki. Ikiwa baba alikuwa na hisa, hisa hiyo italipa madeni yake kwanza kabla ya kuwafikia nyinyi. Jueni hilo mapema, maana nimeona familia ikigombania hisa kwa miaka na mwisho ikaichukua benki.

Na ikithibitika kwamba baba alikuwa na hisa, baba mdogo hapaswi kuondolewa wala kiwanja hakijawa vipande viwili. Msimamizi wa mirathi atathibitishwa na mahakama, atalipa madeni, kisha ataomba kwa msajili hisa ya marehemu iandikwe kwanza kwa jina lake kama msimamizi na baadaye kwa majina yenu. Mkiandikishwa, elezeni wazi katika fomu kama nyinyi wenyewe kwa nyinyi mnamiliki kwa hisa, na kila mmoja ni kiasi gani. Kuanzia hapo mtakuwa wamiliki wenza na baba mdogo, kila upande ukiwa na haki ya kutumia kiwanja chote, na hakuna wa kuweka uzio katikati mpaka mkubaliane kugawana na mpimaji aweke mipaka, au mahakama iamuru kigawanywe, au kiuzwe na fedha zigawanywe kwa kadiri ya hisa.